Mwenye nyumba ana miaka 29, dada wa kazi ana 46: nani amwamkie nani?

Swali hili hutufikia kwenye simu za wasikilizaji kwa sura mbili. Upande mmoja ni vijana walioajiriwa mjini, wamepata mtoto, wakaletewa mama wa makamo kutoka kijijini awasaidie kazi. Hawajui wamwamkie au wasubiri kuamkiwa. Upande wa pili ni wazazi huko vijijini ambao mabinti zao wamekwenda kufanya kazi za ndani, na wangependa kujua wanaishije. Wote wanaulizia jambo moja, kwa hiyo tumeona tulieleze kwa maandishi ili mtu alisome kwa nafasi yake.

Tuanze na neno lenyewe. Kiswahili kinatofautisha kusalimia na kuamkia. Ukimwambia mtu "habari za asubuhi" umemsalimia, na hilo anaweza kulisema yeyote kwa yeyote. Ukimwambia "shikamoo" umemwamkia, na hapo umekubali kwamba yeye ni mkubwa kwako. Yeye akiitikia "marahaba" amekubali ukubwa huo. Kwa hiyo swali la nani aanze shikamoo halihusu tabia njema tu. Ni swali la nani mkubwa katika nyumba hiyo, na kwa kipimo gani.

Hapa historia inasaidia. Shikamoo huelezwa kuwa ni ufupisho wa "nashika moo", yaani nashika miguu yako. Katika mwambao wa karne ya 19, maneno hayo yalikuwa pia maamkizi ya mtumwa kwa bwana wake. Utumwa ulikoma kutambuliwa kisheria Zanzibar mwaka 1897 na Tanganyika mwaka 1922, lakini neno halikufa pamoja nao. Lilibaki na kuhamia kwenye umri. Leo mtoto wa tajiri anamwamkia mzee anayeuza karanga barabarani, na hakuna anayeshangaa. Mkurugenzi wa miaka 40 akipita getini anamwamkia mlinzi wa miaka 60, na mlinzi anaitikia marahaba bila kuogopa.

Hilo ndilo badiliko kubwa ambalo watu wengi hawalioni. Maamkizi yaliyokuwa ya mtumwa kwa bwana yamegeuka kuwa ya mdogo kwa mkubwa, awe na mali au hana. Basi mfanyakazi wa miaka 46 anapomwamkia mwajiri wa miaka 29, neno linarudishwa lilikotoka. Shikamoo hiyo haiendi kwa umri, maana umri uko upande wa mama huyo. Inakwenda kwa mshahara.

Jibu letu kwa swali la kichwa cha habari kwa hiyo ni fupi: mwenye miaka 29 ndiye anayeamkia. Lakini kulisema ni rahisi kuliko kulifanya, kwa sababu mara nyingi mama huyo anaamka saa kumi na moja, na anakuwa ameshajiandaa kumwamkia bosi wake kabla bosi hajafungua mlango wa chumba. Amefundishwa hivyo katika nyumba alizopitia. Ukimwachia siku tatu bila kusema kitu, siku ya nne itakuwa desturi.

Tuichukue nyumba hiyo siku ya kwanza. Mama anasema, "Shikamoo bosi." Mwajiri akiitikia marahaba amekosea. Akicheka na kunyamaza, amekosea zaidi, kwa sababu mama hatajua kama ameudhi. Jibu linalofaa ni kumrudishia palepale: "Hapana mama, mimi ndiye wa kukuamkia. Shikamoo." Kisha asubiri marahaba. Siku mbili za kwanza huenda marahaba hiyo ikatoka kwa sauti ndogo, au mama akaitikia "asante" kwa aibu. Asilazimishe. Aendelee kumwamkia kila asubuhi, na bila shaka amwamkie mbele ya wageni vilevile, kwa maana maamkizi ya jikoni peke yake ambayo hunyamaza sebuleni yanaeleweka na kila mtu.

Baada ya hapo lije jina. Katika nyumba nyingi mfanyakazi huitwa "dada" hata akiwa na wajukuu. Dada ni neno zuri, lakini kwa mwanamke wa miaka 46 anayeitwa hivyo na mtu wa miaka 29, linamshusha kidogo kila siku. Kijijini kwake anaitwa mama fulani kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Muulize jina hilo na ulitumie. Maneno kama "hausigeli" au lile la mtaani la "beki tatu" yanasemwa kwa utani, lakini angalia kwamba hayasemwi kamwe mbele ya mwenyewe na mtu anayemheshimu. Wazee wetu wanakumbuka neno "boi" la enzi za mkoloni, ambalo mwanamume mwenye wake na watoto aliitwa mpaka anazeeka.

Je, mfanyakazi akiwa mdogo? Binti wa miaka 19 na mwajiri wa miaka 40, shikamoo itatoka kwa binti, na si unyonge. Angemwamkia hata mama mdogo wake. Hapa heshima inaonekana kwenye kuitikia. Kuna marahaba ya kuangalia simu, na kuna marahaba inayofuatiwa na "hujambo? umeamkaje?" kisha kimya kidogo cha kusubiri jibu. Wakiwa rika moja, mwajiri 27 na dada 25, shikamoo haina kazi kabisa. "Habari za kuamka" au hata "mambo" inatosha, na yeyote aanze. Dada wa rika lako akikuamkia, mwambie tu, "Usiniamkie, sisi ni rika moja."

Kosa tunalolisikia zaidi halihusu shikamoo. Ni salamu iliyomezwa na agizo. "Umeamkaje, chai iko tayari?" Maneno ni mawili lakini swali ni moja, na ni la chai. Anayeulizwa hujifunza upesi kwamba habari zake haziulizwi, naye hujibu "nzuri" hata usiku kucha meno yamemuuma. Kipimo chake ni chepesi: je, katika wiki nzima amewahi kujibu kitu kingine zaidi ya "nzuri"? Kama hajawahi, si kwamba hana tatizo. Hajaona nafasi ya kulitaja. Acha pumzi moja kati ya salamu na kazi, hata ukiwa umechelewa gari.

Wageni nao wana sehemu yao. Mgeni anapiga hodi, dada ndiye anafungua mlango, mgeni anampita na kwenda kumpa mkono mwenye nyumba, bibi na hata mtoto. Kwa desturi yetu anayeingia ndiye anayewasalimu waliopo, na aliyefungua mlango yupo. Katika mafundisho ya Kiislamu kuhusu salamu, aliyepanda mnyama humwanza anayetembea, na anayetembea humwanza aliyekaa. Tazama mpangilio huo: aliye juu ndiye anayeanza. Anayeshuka kwenye gari lake akasubiri kusalimiwa na anayefagia uwanja amegeuza utaratibu. Watoto wa nyumba hiyo pia wanatazama. Mtoto wa miaka minne asiyemwamkia dada wa kazi hajakosa adabu kwa asili yake. Ameona wakubwa wanavyompita.

Wasikilizaji wetu wa vijijini wasidhani haya ni ya mjini tu. Tunao vibarua wa kupalilia na vijana wa kuchunga. Kwa wenzetu Wasukuma, "mwangaluka" ya asubuhi huitikiwa kwa neno lilelile, na Wagogo hufanya hivyo kwa "mbukwa". Neno linakwenda na linarudi vilevile, bila sehemu ya mkubwa na sehemu ya mdogo. Lakini mwenye shamba akifika kwa pikipiki akaanza kuhesabu matuta kabla ya kusalimu, hata "mwangaluka" haimsaidii. Vibarua wako ndani ya shamba, yeye ndiye anayeingia, kwa hiyo salamu ni yake. Na "poleni na kazi" isemwe mtu akiwa amesimama, si huku anaondoka.

Kuna mpaka wa jambo hili ambao lazima tuutaje. Salamu nzuri inaweza kutumika kuficha mambo mabaya. Wapo waajiri wanaosema "huyu ni kama mwanangu", wanamwita kwa upole na kumwitikia vizuri, lakini mshahara wa miezi minne hautajwi, kwa sababu nani humlipa mwanawe? Undugu wa maneno usichukue nafasi ya makubaliano. Mfanyakazi wa nyumbani Tanzania analindwa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kama mfanyakazi mwingine. Sheria hiyo inampa mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki na likizo ya mwaka ya siku 28. Mwajiri anayeamkia vizuri na kunyima siku ya mapumziko bado anadaiwa siku hiyo.

Sasa turudi kwa mzazi aliyetupigia simu. Binti akipiga kutoka mjini, mara nyingi anatumia simu ya bosi, na bosi yuko karibu. Ukimuuliza "unaishi vizuri?" atasema vizuri, maana hana jibu jingine la kutoa pale. Muulize mambo madogo ambayo hayamweki hatarini. Hapo nyumbani wanakuitaje? Watoto wanakuamkia? Mnakula saa ngapi, na unakula pamoja nao au baadaye? Siku yako ya kupumzika ni ipi? Binti anayetajwa kwa jina lake atalisema mara moja. Anayeitwa "we" atasita kidogo kwanza.

Kisha omba kuzungumza na mwajiri mwenyewe, umsalimie. Msikilize anavyopokea. Kama wewe ni mkubwa kwake kwa umri na anakuamkia, anakuuliza habari za shamba na mvua kabla ya kurudisha simu kwa binti, amekuona kuwa mzazi wa mtu anayemheshimu. Kama anasema "ndiyo, sema haraka" na hajakusalimia, una sababu ya kumuuliza siku hiyohiyo mshahara unalipwa tarehe ngapi na kupitia namba ipi, na ya kumtafuta jirani au ndugu aliye mji huohuo apite hapo hodi mchana wa Jumapili.