Ni Ndogo Kuliko Nini? Kadirio la pH ya Asidi Dhaifu

Neno dhaifu lina mtego katika kemia. Wanafunzi wengi hulichukulia kuwa sawa na asidi iliyozimuliwa, ilhali kuzimua ni kazi ya mtu anayeongeza maji, na udhaifu ni tabia ya asidi yenyewe: ni sehemu chache tu za molekuli zake zinazotengana majini na kutoa ioni za haidrojeni. Tofauti hii si ya istilahi pekee. Ndiyo inayoamua iwapo njia ya mkato wanayofundishwa wanafunzi itawafikisha au itawapoteza.

Tuchukue asidi iliyomo katika siki, yaani asidi ethanoiki. Kisobadilika chake cha mtengano, Ka, katika nyuzijoto 25 za Selsiasi ni 1.8 × 10⁻⁵. Iwapo ukolezi wa awali ni C, na kiasi kilichotengana ni x kwa kila lita, basi:

Ka = x² / (C − x)

Mlinganyo huu ni wa kipeo cha pili, na kuutatua kunachosha. Hivyo husemwa kwamba x ni ndogo, iondolewe pale chini kwenye C − x, na ibaki x = √(Ka × C). Swali ambalo aghalabu haliulizwi ni hili: ni ndogo kuliko nini? Udogo hauna maana bila cha kulinganishwa nacho. Hapa x inalinganishwa na C, wala si na namba 1.

Kwa myeyusho wa moli 0.10 kwa lita, mkato unatoa x = 1.34 × 10⁻³, na pH ya 2.87. Kiasi hicho ni asilimia 1.3 ya C. Mlinganyo ukitatuliwa kikamilifu, x huwa 1.33 × 10⁻³ na pH 2.88. Tofauti hiyo haifikii hata mia moja ya kizio kimoja. Imeonekana tu kwa sababu ya kukadiria tarakimu ya mwisho. Hapa mkato ni halali.

Sasa myeyusho huohuo uzimuliwe mara mia, hadi moli 0.0010 kwa lita. Mkato unatoa x = 1.34 × 10⁻⁴. Tarakimu ni ndogo zaidi kuliko za awali, na mwanafunzi aweza kudhani kwamba kadirio limeimarika. Kinyume chake ndicho kweli: x sasa ni asilimia 13 ya C. Ukolezi umepungua mara mia, lakini x imepungua mara kumi tu, kwa kuwa imo chini ya alama ya kipeuo. Jibu kamili ni 1.25 × 10⁻⁴, yaani pH 3.90 badala ya 3.87.

Desturi ya wanakemia ni kukubali mkato iwapo x haizidi asilimia 5 ya C. Kwa kuwa x/C ni √(Ka/C), sharti hilo ni sawa na kusema C iwe angalau mara 400 ya Ka, na hivyo laweza kupimwa kabla ya hesabu kuanza. Kwa myeyusho wa kwanza uwiano huo ni zaidi ya 5,500. Kwa wa pili ni 56 hivi. Asilimia 5 si amri ya maumbile, ni mapatano tu. Anayehitaji usahihi zaidi ataikaza.

Sharti lisipotimia, si lazima mtu akimbilie kanuni ndefu. Jibu lile bovu hurejeshwa kwenye C − x: 0.0010 kutoa 0.000134 ni 0.000866. Hiyo ikizidishwa kwa Ka na kutafutiwa kipeuo, x huwa 1.248 × 10⁻⁴. Mzunguko wa pili hutoa 1.255 × 10⁻⁴, na wa tatu haubadilishi lolote la maana.

Hata hivyo, kuna hali ambapo kipimo cha asilimia 5 hupita na jibu likawa kichekesho. Asidi haidrosiyaniki ina Ka ya takriban 6.2 × 10⁻¹⁰. Kwa ukolezi wa moli 1.0 × 10⁻⁵ kwa lita, x ni 7.9 × 10⁻⁸, chini ya asilimia 1 ya C, lakini pH inakuwa 7.10: asidi imeyafanya maji kuwa besi! Kilichosahauliwa ni maji yenyewe, ambayo nayo hutengana. Mchango wao ukijumlishwa, [H⁺] = √(Ka × C + 10⁻¹⁴), nayo hutoa 1.27 × 10⁻⁷, yaani pH 6.90. Dalili ya kutazamwa ni x iliyokaribia au kushuka chini ya 10⁻⁷. Hapo x ni ndogo kweli kuliko C, ila si kubwa tena kuliko kile ambacho maji huchangia.