Namba ya kituo cha ujumbe haileti meseji za benki

"Nimenunua simu mpya, meseji za benki zimekata. Nipe namba ya kituo cha ujumbe ya mtandao wangu." Ombi hili naletewa karibu kila wiki, na kila anayelileta ameshapita kwa fundi simu na kulipa. Naomba tulimalize leo.

Fundi anabonyeza *#*#4636#*#*, ukurasa wa taarifa za simu unafunguka, anashuka hadi kwenye kisanduku cha SMSC, anaandika namba, anazima simu na kuiwasha. Namba hiyo ina kazi moja tu: kutuma. Ni sanduku la posta unalotumbukizia barua zako. Barua unazoandikiwa hazipitii humo. Benki inapokutumia taarifa ya muamala, mfumo wake unaukabidhi mtandao ujumbe ukiwa na namba yako ya simu. Mtandao unatazama laini hiyo iko wapi wakati huo, kisha unaipelekea. Hakuna anayeuliza kisanduku cha fundi kimeandikwa nini, wala simu yako ni ya aina gani. Akikosea tarakimu moja, utaendelea kupokea meseji kama kawaida lakini wewe hutaweza kutuma.

Kwa nini basi watu wanaapa kwamba walipona? Kwa sababu simu ilizimwa na kuwashwa. Ikiwaka, inajiandikisha upya kwenye mtandao, na ujumbe wowote uliokuwa umekwama unaachiwa. Meseji tatu nne zinaingia kwa mkupuo, mteja anatoa pesa. Hatazami zimetoka kwa nani. Angetazama, angekuta ni za marafiki na matangazo, za benki hazimo.

Mama mmoja mwenye duka la vitenge Morogoro alitengenezewa hivyo mara mbili. Nilimwomba atoe laini kwenye simu mpya aiweke kwenye kitochi, kisha binti yake amwekee kiasi kidogo kwa wakala wa benki. Risiti ilitoka, kitochi kikakaa kimya. Kitochi hakichuji watumaji, kwa hiyo simu mpya haikuwa na kosa. Tukafungua simu ya zamani, iliyokuwa ya laini mbili, tukatafuta meseji ya mwisho ya benki na kutazama maelezo yake: ilipokelewa na laini ya pili. Akaunti ilifunguliwa kwa laini hiyo. Alipohamia simu mpya alichukua laini anayopigia tu, ile nyingine ikabaki kwenye pochi.

Alikwenda tawini na kitambulisho, akajaza fomu, namba ikabadilishwa. Meseji bado hazikuja! Hapa ndipo wengi hukata tamaa na kurudi kwa fundi. Katika benki yake, namba iliyo kwenye taarifa za mteja na namba iliyosajiliwa kwa taarifa za miamala huwekwa mahali tofauti, na mhudumu alibadilisha ya kwanza tu. Vivyo hivyo, programu ya benki kufunguka kwenye simu mpya si ushahidi kwamba taarifa za meseji zimekufuata.

Kwa hiyo anza na kitochi. Ujumbe ukiingia humo lakini hauonekani kwenye simu janja, tatizo ni uchujaji: kwenye programu ya ujumbe ya Google gusa picha yako, fungua "Spam & blocked", urudishe jina la benki; kwenye aifoni tazama orodha ya watumaji wasiojulikana, kwa sababu ujumbe unaweza kukaa humo bila mlio wowote. Usipoingia kwenye kitochi, muulize mtoa huduma wa mtandao kama uliwahi kuzuia ujumbe wa matangazo, maana kizuizi hicho wakati mwingine hubeba na jina la benki. Kisha nenda tawini na kitambulisho, uulize mambo matatu: taarifa za miamala zinakwenda namba gani, je, huduma hiyo bado hai, na inaanzia kiasi gani. Ziko benki zinazoisitisha ada yake isipolipika, na ziko zinazotuma kwa miamala inayozidi kiwango fulani tu. Kama uliibadilisha kadi ya laini, sema hivyo, kwa kuwa baadhi ya benki huzuia huduma za simu mpaka wakuhakiki. Namba ya simu ya benki ichukue nyuma ya kadi yako ya benki, na usimtajie mtu namba ya siri. Usiondoke kaunta kabla ya kufanya muamala mdogo na kuona ujumbe umeingia.

Na kama laini iliyosajiliwa uliitupa, nenda leo. Laini isiyotumika hufungwa, baadaye huuzwa kwa mtu mwingine, na yeye ndiye atakayepokea taarifa za salio lako pamoja na namba za uthibitisho zinazotumwa na benki.