Urasimu: sifa ileile, majibu mawili

Mtahiniwa anaulizwa: kuhudumia watu bila kujali sura zao ni nguvu au udhaifu wa urasimu? Ajibu vipi, na vitabu vinasema yote mawili? Asome tena swali, aone matokeo yaliyotajwa ni yapi.

Tuchukue dirisha la pensheni. Kanuni iliyoandikwa inadai cheti halisi. Anakuja shemeji wa mkurugenzi na nakala tu, karani anamrudisha. Swali likiishia hapo, jibu ni nguvu: hakuna upendeleo, na kila mtu anajua mapema atadaiwa nini. Ndivyo alivyoliona Max Weber, Mjerumani ambaye maandishi yake kuhusu urasimu yalichapishwa 1922, yeye akiwa ameshafariki.

Sasa anakuja mjane ambaye cheti chake kiliungua, na nakala yake imo kwenye faili la ofisi hiyohiyo. Karani anamrudisha vilevile. Hapa jibu ni udhaifu, kwa kuwa kanuni iliyowekwa kuzuia udanganyifu imegeuka kuwa lengo lenyewe. Robert Merton, mwanasosholojia wa Marekani, alilieleza hilo mwaka 1940.

Ngazi za madaraka nazo ni hivyohivyo. Swali likitaja uwajibikaji, ni nguvu. Likitaja barua inayosubiri saini tano, ni udhaifu.

Watunzi wengine, kwa uvivu, hutaja sifa tupu bila matokeo. Ukikutana na swali la namna hiyo na limetajwa jina la Weber, chagua nguvu.