Kirushio cha Mkuki: Jinsi Kilivyorefusha Mkono wa Mwindaji wa Kale

Makala haya yanafafanua utendaji wa kirushio cha mkuki, na yanashikilia kuwa faida yake kuu haikuwa umbali pekee, bali kumnyima mnyama muda wa kukwepa.

Kirushio ni fimbo ya takriban dhiraa moja au zaidi, yenye kishikio upande mmoja na kulabu upande wa pili. Mfano wa kale zaidi unaojulikana kwa uhakika ni kulabu ya pembe ya kulungu wa nchi za baridi, iliyopatikana Combe Saunière, Ufaransa, na yenye umri wa zaidi ya miaka 17,000. Wenyeji wa Australia waliendelea kutumia zana ya aina hii hadi nyakati zetu.

Kitako cha mkuki huegemezwa kwenye kulabu. Mwindaji husukuma mkono mbele, kisha humalizia kwa kukunja kifundo cha mkono kwa ghafla. Kwa kuwa kulabu iko mbali na kifundo kuliko kiganja kilivyo, hupita tao refu zaidi katika muda uleule, na mkuki huondoka kwa kasi kubwa zaidi. Huu ni wenzo unaouongezea mkono kiungo kimoja.

Tuchukue mfano wa hesabu, tukiacha ukinzani wa hewa. Mkuki unaorushwa kwa mkono kwa kasi ya mita 20 kwa sekunde unaweza kufika mita 41. Kirushio kikiongeza kasi hadi mita 30, masafa hufikia mita 92, kwani masafa hukua kwa kipeo cha pili cha kasi. Hata hivyo, kwa mnyama aliye umbali wa mita 20, jambo la maana ni kwamba mkuki humfikia kwa theluthi mbili za sekunde badala ya sekunde nzima. Aidha, nishati ya pigo huzidi maradufu.

Faida hii ina masharti. Kulabu husafiri katika tao ilhali ncha yapasa kufuata mstari ulionyooka. Kwa hiyo ni lazima ufito wa mkuki uwe mwembamba na wa kunyumbulika. Ufito mgumu kupita kiasi hujidhihirisha pale kitako kinaporuka juu na ncha kuinama. Vilevile, mrushaji huhitaji nafasi ya kuzungusha mkono, na mwendo huo huweza kumshtua mnyama. Kwa upande mwingine, mkono mmoja hubaki huru, jambo lililowafaa wawindaji wa Aktiki waliorusha wakiwa ndani ya mtumbwi.

Kwa msingi huo, vitabu vya kiada visikieleze kirushio kama aina ya upinde. Upinde huhifadhi nguvu ya misuli kabla ya kuiachia. Kirushio hakihifadhi chochote, bali huirefushia misuli njia. Neno “kirushio” lenyewe huonyesha kuwa ni chombo cha kurushia.