Kwa Nini Mikono na Miguu Hutetemeka Ukiwa na Hofu

Nyosha mkono mbele yako, kiganja kikitazama chini na vidole vikiwa vimeachana kidogo, kisha laza karatasi nyepesi juu yake. Tazama ncha za karatasi hiyo. Hata kama umetulia nyumbani kwako na huna deni la mtu, utaziona zikicheza. Jaribio hilihili hufanywa na madaktari kliniki, na linaonyesha jambo ambalo wengi hatulijui: mkono wa kila mtu mwenye afya hutetemeka wakati wote, kati ya mara 8 na 12 kwa sekunde. Ni tetemeko dogo mno, ndiyo maana jicho halilioni bila msaada wa karatasi.

Kwa hiyo hofu haizalishi tetemeko jipya. Inalikuza lile ambalo tayari unalo.

Msuli umeundwa na makundi mengi ya nyuzi, na kila kundi hupokea amri yake kutoka kwenye neva. Likipata amri huvuta kwa muda mfupi sana, kisha huachia, na wakati huo makundi mengine yanakuwa yanavuta. Ni kama mvua juu ya paa la bati: matone yakifuatana kwa karibu unasikia mlio mmoja, lakini yakiachana unaanza kusikia tone mojamoja. Mvuto wa nyuzi zikipishana vizuri, mkono unaonekana umetulia. Nafasi kati ya mvuto na mvuto zikipanuka, mkono unacheza.

Ukipatwa na hofu, ubongo huziamuru tezi za adrenali, zilizokaa juu ya figo, zimwage adrenalini kwenye damu. Adrenalini ikifika kwenye misuli hufanya mambo mawili. Kwanza, zile nyuzi za polepole zinazotusaidia kushikilia mkono au kusimama huanza kuvuta na kuachia upesi kuliko kawaida, hivyo nafasi kati ya mivuto hupanuka. Pili, vihisio vilivyomo ndani ya msuli, vinavyopeleka habari kwenye uti wa mgongo kila msuli unaponyooshwa, huwa vyepesi mno. Mkono ukisogea kidogo tu, uti wa mgongo huurudisha kwa nguvu kupita kiasi, kisha hulazimika kuurudisha tena upande wa pili.

Mgonjwa wa pumu anaweza kukuthibitishia hili. Dawa ya kuvuta ya salbutamoli hugusa milango ileile ya misuli inayoguswa na adrenalini. Ndiyo maana baadhi ya wanaoitumia huona vidole vikitetemeka muda mfupi baadaye, ingawa hawana hofu yoyote.

Sasa mchukue mjukuu aliyepewa kazi ya kusoma wasifu wa marehemu bibi yake. Hajala tangu jana jioni, asubuhi amekunywa kahawa tu, na amesimama uani saa nzima akingoja zamu. Anaitwa. Anashika kipaza sauti kwa mkono mmoja, na kwa mwingine anaibana karatasi kwenye kona yake ya chini. Karatasi inapiga kelele kwenye kipaza sauti. Anaona aibu, anaibana kwa nguvu zaidi ili itulie, nayo inazidi. Magoti nayo yanaanza kugongana.

Kosa kubwa hapo ni kubana. Msuli unaovuta kwa nguvu hutetemeka zaidi kuliko unaovuta kidogo, na ukichoka ndiyo kabisa. Tena karatasi inayoshikwa kwenye kona hukuza kila mtikisiko, kwa kuwa ukingo wa mbali husafiri zaidi kuliko vidole vyenyewe. Dawa yake ni kuupunguzia mkono kazi. Aliweke tamko lake kwenye jalada gumu, alishike kwa chini kwa kiganja kizima, na viwiko aviegemeze mbavuni. Kipaza sauti kikiwa na stendi, akiache kwenye stendi. Kama kuna meza, alaze jalada mezani.

Miguu ina kisa chake. Mtu mwenye hofu husimama ameyakaza magoti, misuli ya mbele ya paja na ya nyuma ikivutana, na uzito wake huhamia kwenye vidole vya miguu. Kisigino kikinyanyuka kidogo, msuli wa shavu la mguu hunyooshwa, hujikunja, hunyooshwa tena, na mguu huanza kudunda wenyewe kama wa fundi cherehani. Ateremshe visigino hadi avisikie ardhini, alegeze magoti kidogo, na ahamishe uzito taratibu kutoka mguu mmoja hadi mwingine. Akiweza kupiga hatua mbili tatu, bora zaidi, kwa sababu msuli unaotembea haupati nafasi ya kutetemeka kama ule ulioganda.

Pumzi pia ina mchango wake. Mtu akihema harakaharaka hutoa kabonidayoksaidi nyingi kuliko inavyotakiwa, na neva zake huchokozeka kirahisi: midomo na vidole hufa ganzi, na misuli huchezacheza. Avute pumzi kwa pua akihesabu hadi 4, aitoe polepole akihesabu hadi 6, na aendelee hivyo kwa dakika mbili au tatu kabla ya kuitwa. Asivute pumzi kubwakubwa, kwani kosa litakuwa lilelile.

Wakati wa kungoja, akunje ngumi kwa sekunde 5, kisha aziachie kabisa kwa sekunde 10 au zaidi. Afanye hivyo na mapaja. Lengo ni ile hali ya kulegea inayofuata. Na siku hiyo ale chochote mapema, kahawa aiache, maana kafeini na njaa kila kimoja hutetemesha mikono peke yake. Akimaliza kusoma anaweza kuendelea kutetemeka kwa muda hata kama moyo umetulia. Adrenalini huondoka kwenye damu ndani ya dakika chache, lakini mwili huchelewa kurudi katika hali yake.

Wapo wanaotumia propranololi, dawa ya moyo iliyotokana na kazi ya mwanasayansi wa Skotlandi James Black, aliyepata Tuzo ya Nobeli ya Tiba mwaka 1988. Dawa hii huifunga milango ambayo adrenalini huipitia, na wanamuziki wengi wameimeza kabla ya kupanda jukwaani. Lakini njia za hewa za mapafu zina milango hiyohiyo, hivyo inaweza kumbana mwenye pumu hadi kuhatarisha maisha yake. Usiinunue bila kuandikiwa na daktari. Pombe nayo hutuliza mkono kwa saa chache, kisha ikiisha mwilini tetemeko hurudi na nguvu zaidi.

Tetemeko la hofu huja na sababu yake na huondoka nayo. Likikaa siku nzima bila sababu, nenda kituo cha afya. Mkono unaotetemeka ukiwa umepumzika mapajani, hasa wa upande mmoja, unaweza kuashiria ugonjwa wa Parkinson. Kutetemeka pamoja na kukonda, kusikia joto na moyo kwenda mbio kunahitaji kupimwa tezi ya shingo. Mwenye kisukari anayetumia insulini akitetemeka, akatoka jasho na kusikia njaa, asingoje: apime sukari, na kama hana kipimo anywe kitu chenye sukari mara moja. Kabla ya kwenda kwa daktari, andika tetemeko huja saa ngapi, mkono upi, ukiwa umepumzika au umeshika kitu, na dawa zote unazotumia. Majibu hayo ndiyo atakayoanza kukuuliza.