Mlango wa Mita Moja na Nusu

Siku hizi mteja hamletei fundi picha ya sebule iliyokatwa kwenye gazeti. Anaandika mistari miwili kwenye simu, programu ya akili mnemba inamchorea chumba, na kesho yake picha iko mbele ya fundi: "Nataka hivi hivi." Rangi zimependeza, mwanga umetulia, vigae vinang'aa. Lakini ukikodoa macho unaona chumba kimekaa kama ukumbi wa harusi, au kochi limekuwa kubwa mno kwa mlango ambao lingetakiwa kupitia. Ni chumba ambacho mtu hawezi kuishi ndani yake, na ugomvi wa kweli utaanza siku ya kujenga.

Programu hizi hazijui mita. Zimejifunza kwa picha nyingi mno, na picha za vyumba zinazozagaa mtandaoni ni zile za kuuza nyumba na kutangaza hoteli, ambazo wapiga picha huzipiga kwa lenzi pana ili chumba kionekane kikubwa. Programu inajua mlango unafananaje na kochi linafananaje, ila haina futikamba ya kuvilinganisha. Kila kitu ukikitazama peke yake hakina kasoro; vikikutana ndipo vinapokataana. Ukiomba picha ya wima ya kujaza skrini ya simu, hali huzidi, maana nafasi ya juu lazima ijazwe na kitu, na mara nyingi ukuta ndio unaorefushwa.

Pa kuanzia kukagua ni mlango. Mitindo ya makochi na mapazia hubadilika kila mwaka, lakini mlango umekatwa kwa kimo cha mtu anayetembea. Katika nyumba zetu nyingi una urefu wa karibu mita 2.1 na upana wa sentimita 80 hadi 90, na kitasa chake kipo karibu mita moja kutoka sakafuni. Dari ya nyumba ya kawaida huwa kati ya mita 2.7 na 3. Maana yake mlango unakula kati ya sehemu saba na nane za kumi za kimo cha ukuta. Ukiona mlango umeishia katikati ya ukuta, hapo pana kasoro. Tazama na dirisha: nyumba ya matofali huwa na lenta moja inayopita juu ya mlango na dirisha, ndiyo maana vichwa vyake kwa kawaida hulingana. Akili mnemba haijawahi kumwaga zege, kwa hiyo hupandisha kimoja na kushusha kingine bila wasiwasi.

Ila mlango ukikupa jibu, usiukubali peke yake. Chukua picha moja ya sebule iliyochapwa kwenye karatasi ya A4. Ukuta wa nyuma umetazama mbele moja kwa moja na una mlango. Ukiweka rula, kutoka sakafu hadi dari ni milimita 120, na mlango ni milimita 60. Tukisema mlango ni mita 2.1, basi kila milimita ya karatasi ni sentimita 3.5 za ukuta ule, na dari iko mita 4.2. Hiyo ni dari ya kanisa dogo. Je, chumba ndicho kirefu mno au mlango ndio mfupi?

Shahidi wa pili ni kochi, lakini liko mbele, karibu na kamera, na rula ya ukuta wa nyuma haifanyi kazi pale. Hapa unahitaji mstari wa macho. Fuata mistari ya vigae inayokwenda ndani ya picha, irefushe kwa penseli hadi ikutane, kisha pitisha mstari mlalo kwenye hiyo nukta. Huo ndio usawa wa kamera. Kama kamera haikuinamishwa, mstari huu unakata kila kitu kilichosimama kwenye sakafu ile kwa kimo kilekile, kiwe karibu au mbali. Kamera ikiwa mita 1.2 juu, inakata mlango kwenye mita 1.2 na kabati la mbele kwenye mita 1.2 vilevile.

Katika picha yetu, mstari unapita milimita 45 juu ya sakafu ya ukuta wa nyuma. Kwenye kochi, kutoka mguu wa mbele hadi mstari ni milimita 75, na hadi ukingo wa kikalio ni milimita 30. Kikalio, basi, kiko sehemu nne za kumi za kimo cha kamera. Tukiuamini mlango, kamera iko karibu sentimita 158 juu, na kikalio kiko sentimita 63: mtu mzima akikaa, miguu inaning'inia. Sasa geuza. Tukiamini dari ni mita 3, kila milimita ya ukuta ni sentimita 2.5, kamera iko kama sentimita 112, na kikalio ni sentimita 45, kimo sawasawa cha kochi au kiti. Kochi na dari wanasema lugha moja. Aliyepotoka ni mlango: una mita moja na nusu tu, na kwenye karatasi ile ungepaswa kufika milimita 84.

Mashahidi wengine wapo kama kochi limefunikwa na mito: meza ya chakula ina sentimita 75 hivi, kaunta ya jikoni kama 90.

Kurekebisha si kuandika tu "mlango mita 2.1" kwenye maelezo. Kwa programu nyingi namba hiyo ni neno kama maneno mengine. Afadhali kueleza uhusiano, kwamba juu ya mlango kumebaki ukuta kidogo tu kabla ya dari, na kuomba picha ya mlalo. Njia ya uhakika zaidi ni kuanza na boksi tupu katika SketchUp au Blender: kuta, mlango, dirisha na mabunda ya fanicha kwa vipimo halisi, kisha kuipa akili mnemba mchoro huo ivalishe rangi na vitambaa. Tangu 2023 kuna ControlNet, inayoilazimisha programu kama Stable Diffusion kufuata mistari au ramani ya kina uliyoipa. Ukipakua kiti kilichochorwa na mtu mwingine, kipime. Kiti kilichoingia kikubwa kama nyumba utakiona mara moja. Kinachoponyoka ni kile kilichozidi kidogo.

Kuna mahali kanuni hizi hubadilika kwa sababu ya haki. Vyumba vya zamani vya Mji Mkongwe, Zanzibar, vina dari za juu, lakini ni vyembamba, kwa kuwa dari zake zilibebwa na boriti za mikoko ambazo hazivuki zaidi ya mita tatu hivi. Akili mnemba ikikuchorea sebule ya Kizanzibari yenye boriti na upana wa mita sita, imeiga sura ikasahau mti.

Kwa hiyo kabla ya kumtumia fundi picha, andika pembeni yake namba tatu: urefu wa mlango wako halisi, kimo cha dari, na kimo cha kikalio unachotaka. Namba na picha zikigongana, mwambie fundi afuate namba.