Kabla ya kununua mipira ya matone

Chukua bustani ya nyanya yenye mistari 10 ya mita 15, matundu yakiwa kila sentimita 30. Hayo ni matundu 500. Kampuni moja huandika lita 1 kwa saa kwa kila tundu, nyingine lita 2. Wengi huchagua ya 2 wakidhani ndiyo bora, kumbe inadai lita 1,000 kwa saa, na tangi dogo litakauka kabla mistari yote haijanywa.

Tena kipimo hicho kwa kawaida hupatikana kwa msukumo wa baa 1, sawa na tangi lililoinuliwa mita 10. Ukiliweka mita 1 tu, tundu la kawaida hutoa takribani theluthi moja. Kwa hiyo muulize muuzaji: kwa mita 1, linatoa kiasi gani? Asipojua, kinga vikombe chini ya tundu la kwanza na la mwisho kwa dakika 6, kisha zidisha mara 10. Tofauti ikiwa kubwa, mimea ya mwishoni itadumaa.

Maji ya bwawa yenye mwani yanahitaji chujio la visahani. La wavu hufaa zaidi kwa mchanga. Chagua linalofunguka kwa mkono ili ulioshe mara kwa mara.

Mwisho, nenda duka la pembejeo lililo karibu ujaribu viungio na raba zake kwenye kipande cha mpira huo. Visipokaza, usinunue, hata bei ikiwa nafuu.